Dola elfu sita kwenye folda ya maombi

Nyumba ya wageni ya mjomba wangu iko Jambiani, nyuma kidogo ya ufuo, na ina vyumba vitano. Kurasa zake za Instagram na Facebook nazishughulikia mimi. Sehemu ya kazi hiyo ambayo watu hawaioni ni kusafisha maombi ya ujumbe, yaani zile meseji za watu wasiotufuata wala kufahamiana nasi, ambazo mtandao huziweka kando mpaka sisi wenyewe tuseme ndiyo au hapana.

Mwenye akaunti ya kuzungumza na jamaa zake anaweza kuzifuta zote kwa mkupuo na asikose kitu. Sisi hatuwezi, kwa sababu mgeni naye ni mtu tusiyemjua. Mama wa Kijerumani anayetaka chumba cha watu watatu mwezi wa saba anaangukia pale pale anapoangukia muuza wafuasi bandia, mganga wa mapenzi na mtu wa mkopo wa haraka. Kwa hiyo kile kitufe cha "Delete all" kilichopo chini ya maombi ya Instagram mimi sikigusi. Kikishabonyezwa hakuna pahala pa kwenda kuziokota, na mgeni wa kweli hatajua kwamba alifutwa. Ataona kimya tu, kisha ataandikia nyumba ya jirani.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui ni kwamba kusoma ombi si kulikubali. Ukifungua ombi kwenye Instagram au Messenger, aliyeliandika haoni kwamba umelisoma, na hawezi kukupigia simu kupitia programu hiyo mpaka ulikubali. Ukibonyeza "Accept" hali inageuka: anaona umesoma, na amepata habari anayoitaka zaidi kuliko zote, kwamba upande wa pili kuna mtu anayejibu. Kwa tapeli anayetuma meseji ile ile kwa mamia ya nyumba za wageni, hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya biashara. Nimewaona vijana wa hapa mtaani wakikubali kila ombi ili wasome vizuri, kisha wanafuta. Hawana haja ya kukubali. Soma pale pale lilipo, tazama wasifu wa aliyeandika, piga picha ya skrini ukitaka. Yote hayo hayamfikii.

Jambo la pili ni kujua folda ziko wapi, maana ziko mbili mbili. Kwenye Instagram unaingia kwenye meseji, unabonyeza "Requests", na ndani yake kuna chumba kingine kinachoitwa "Hidden requests", ambamo kichujio hutupa kile kinachofanana na uchafu. Kwenye Messenger unafungua menyu, kisha "Message requests", na unakuta safu mbili: "You may know" na "Spam". Ile ya ndani kabisa ndiyo watu huisahau, na wageni wa kweli humo hawakosekani, hasa wanaobandika linki ya tangazo letu na kuuliza, "Hiki ndicho chumba chenyewe?" Kichujio kinaona linki, hakioni swali.

Taka za kawaida hazinichukui muda. Wanaotaka kunifanya tajiri kwa sarafu za mtandaoni, wanaogawa ajira za Dubai na wanaoniita ndugu mteule nawamaliza kwa jicho moja. Kazi inaanza kwa meseji zinazofanana na wageni.

Kwa hizo nina swali moja ambalo limenifaa kuliko yote: je, meseji hii ingeweza kutumwa kwa hoteli yoyote duniani bila kubadilishwa neno? Mgeni anayekuja Unguja ana maswali ya Unguja. Anauliza kutoka uwanja wa ndege hadi Jambiani ni mwendo gani na teksi ni kiasi gani. Anauliza kama ni kweli bahari inakauka mchana, kwa sababu ameona picha za akina mama wa mwani wakitembea mbali ambako asubuhi palikuwa na maji, na anataka kujua siku zake zitaangukia bamvua au la. Tangu Oktoba 2024, wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, nalo swali hilo limekuwa la kila wiki: bima yangu ya nyumbani haitoshi? Tapeli hana maswali haya. Haji, kwa hiyo hajasoma.

Sasa nieleze ombi moja lililotukalisha barazani mimi na mjomba. Lilikuwa kwenye "Requests" za kawaida, si zile zilizofichwa, na Kiingereza chake kilikuwa cha adabu. Mtu anatafuta malazi ya watu kumi, wanandoa jozi tano, usiku tisa, katika "jengo lenu zuri". Anauliza kama tunapokea kadi, na anaomba tumpe jumla ya gharama. Mjomba aliposikia jozi tano alihesabu kabla yangu. Vyumba vitano kwa dola 60 kwa usiku, usiku tisa, ni dola 2,700.

"Mwanangu, nyumba nzima hiyo imejaa. Unangoja nini kumkubali?"

"Mjomba, hebu tumsome tena. Hajataja Jambiani. Hajataja hata Zanzibar."

"Si anajua anakoandikia?"

Hoja yake haikuwa mbaya, wapo wageni wavivu wa kuandika. Basi kabla ya kukubali nikaingia kwenye wasifu wake. Kwenye Instagram, ukibonyeza zile nukta tatu juu ya wasifu unapata "About this account". Pale panaonyesha akaunti ilifunguliwa mwezi gani, iko nchi gani, na mara nyingine jina la akaunti limebadilishwa mara ngapi. Yake ilikuwa imefunguliwa mwezi ule ule, na jina lilishabadilishwa zaidi ya mara moja. Akaunti mpya peke yake haimhukumu mtu, hata bibi mstaafu anaweza kufungua Instagram kwa ajili ya safari. Lakini kubadili jina mara kadhaa ndani ya mwezi mmoja si tabia ya bibi mstaafu.

Nikamkubali, kwa shabaha moja: kumpa sharti ambalo mgeni wa kweli halimsumbui na tapeli halimfai. Nilimwandikia bei, kisha nikamwambia kwamba tunachukua asilimia 30 kushika nafasi, yaani dola 810, kwa linki yetu ya malipo ambayo mwenyewe ataingiza kadi yake, na zilizobaki wanalipa wakifika. Nikamuuliza pia watatua na ndege gani ili tupange gari.

Jibu lilikuja haraka mno kwa mtu anayepangia safari watu kumi. Swali la ndege alilipita kama halikuandikwa. Bei aliikubali bila kuomba hata kupunguziwa dola moja, na nani anachukua vyumba vitano asiombe punguzo? Kisha ukaja mzigo wenyewe. Alisema wakala wake wa safari, anayewashughulikia usafiri, hana mashine ya kadi. Alituomba tukate dola 6,000 kwenye kadi yake: 2,700 za vyumba, 3,100 tumtumie wakala kwa Western Union, na 200 zibaki kwetu kwa usumbufu. Namba za kadi angetutumia hapo hapo kwenye meseji. Simu hawezi kupokea, ana tatizo la kusikia.

Mjomba alinyamaza kidogo, halafu akauliza lile swali ambalo utapeli huu wote umejengwa juu yake. "Kama benki itaikubali kadi, si pesa zimeingia? Tunamtumia mtu wake kutoka kwenye pesa yake mwenyewe. Sisi tunapoteza nini?"

Tunapoteza hivi. Namba hizo za kadi ni za mtu mwingine, zimeibwa, na mwenyewe hajajua bado. Siku tunapokata, benki inaangalia kama kadi ni hai na ina pesa, basi inakubali. Haijamwona anayeitumia. Dola 6,000 zinaonekana kwenye akaunti ya nyumba, sisi tunatoa 3,100 zetu taslimu na kumpelekea wakala, na hizo zikishapokelewa kwa jina la uongo hazirudi. Baadaye mwenye kadi anaiona taarifa ya benki yake na kukana malipo. Kanuni za kadi humpa muda mrefu wa kufanya hivyo, mara nyingi hadi siku 120. Anapokana, dola 6,000 zote zinavutwa kutoka kwetu, pamoja na zile 200 za bahashishi, na juu yake benki hututoza ada ya kesi. Wageni kumi hawajaja. Vyumba vimekaa vitupu usiku tisa kwa sababu tuliwakatalia wengine. Na kwenye hesabu pana shimo la dola 3,100 zilizotoka mfukoni kwetu wenyewe.

Zile 200 ndizo zinazonichekesha. Hazipo pale kwa ukarimu. Zipo ili mwenye nyumba asione anatendewa jambo la ajabu, aone analipwa kwa kazi ndogo.

Nikamjibu kwa ufupi: wakala wako mlipe wewe, sisi tunapokea 810 kwa linki tu, na tafadhali usitume namba za kadi hapa. Akaniandikia kwamba mkewe yuko hospitali na wakala anataka pesa leo. Nikasubiri kidogo nione kama atagusa linki. Hakuigusa. Mgeni wa kweli akiambiwa alipe 810 badala ya 6,000 anashukuru, na akiwa na wakala anajua njia ya kumlipa bila kupitia nyumba ya wageni ya Jambiani.

Hapo ndipo inapofika kufuta, na kufuta kuna mpangilio wake. Ukianza kwa kufuta mazungumzo, umepoteza cha kuripoti. Mimi napiga kwanza picha ya skrini ya meseji na ya wasifu, jina la akaunti lionekane. Kisha naripoti kama utapeli, kisha namzuia, na Instagram hunipa chaguo la kuzuia pia akaunti nyingine alizonazo au atakazofungua. Kufuta ni mwisho. Ukifuta bila kuzuia, akaunti ile ile inaweza kukuandikia tena kesho. Kwenye WhatsApp nako ni hivyo hivyo: ukiripoti mtu, meseji tano za mwisho alizokutumia zinapelekwa WhatsApp, naye haambiwi. Meseji za kawaida za simu, zile za "ile pesa itume kwenye namba hii", unazipeleka TCRA kwenda 15040, na namba iliyozituma.

Aina ya pili ambayo sisi wenye kurasa za biashara tunaletewa sana haijifanyi mgeni, inajifanya mwenye mtandao. Kwenye Messenger inakaa "Spam" au hata "You may know", na picha yake ni alama ya Meta. Maneno yake: ukurasa wenu umekiuka kanuni, utafungwa ndani ya saa 24, bonyeza hapa kukata rufaa. Mjomba aliwahi kuniamsha alfajiri kwa meseji kama hiyo, tasbihi mkononi.

Huyu tulimmaliza bila kumkubali. Kama aliyeandika ni ukurasa wa Facebook, ingia kwenye ukurasa huo utafute "Page transparency". Pale huandikwa umeanzishwa lini na ulikuwa ukiitwaje zamani. Ule uliomwandikia mjomba ulianza maisha kama duka la viatu. Mamlaka ya mtandao mzima iliyokuwa ikiuza viatu mwaka uliopita ni kitu cha kushangaza. Muhimu zaidi, onyo la kweli halikai kwenye meseji. Kwenye Instagram liko ndani ya mipangilio, kwenye "Account Status", na kwenye Facebook liko "Support Inbox". Na kama wanadai wamekuandikia barua pepe, ndani ya Accounts Center, chini ya "Password and security", kuna "Recent emails" inayoonyesha barua walizokutumia kweli siku za karibuni. Zote hizo unazifungua kwa mkono wako kutoka ndani ya programu, si kwa linki uliyoletewa.

Linki yenyewe ilimchanganya mjomba kwa sababu ilianza na facebook.com. Nilimwonyesha ya mfano, niliyoiandika mwenyewe:

```
https://l.facebook.com/l.php?u=https%3A%2F%2Frufaa.example%2Fingia
```

Anwani hiyo ni ya Facebook kweli, lakini ni mlango wa kutokea. Facebook hupitishia hapo linki zinazokwenda nje. Unakokwenda ni kile kinachofuata baada ya `u=`, na zile `%3A%2F%2F` ni nukta mbili na mikwaju, zimeandikwa kwa namna nyingine tu. Hapa unapelekwa rufaa.example. Ili kuisoma bila kuibonyeza, ishike kwa kidole mpaka ikupe kunakili, kisha ibandike kwenye daftari la simu. Ukurasa unaokungoja kule unafanana na wa kuingilia Facebook, unaomba neno la siri, halafu unaomba ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwenye simu. Hiyo ya pili ndiyo wanayoihitaji sana, kwa sababu bila hiyo neno la siri halitoshi kwa akaunti iliyofungwa kwa hatua mbili. Wakishaingia wanabadilisha barua pepe na simu, na kama ukurasa una kadi ya kulipia matangazo, wanatangaza biashara zao kwa pesa yako.

"You may know" ina mtego wake, na unatokana na jina lenyewe. Binamu yangu yuko Wete, anauza mafuta ya mkarafuu. Siku moja likaja ombi lenye picha yake na jina lake: "Asalam alaikum, hii ndiyo akaunti yangu mpya, ile ya zamani imeharibika." Safu hiyo haimaanishi kwamba mtandao umemthibitisha mtu. Inamaanisha umekisia, pengine kwa sababu mna marafiki wa pamoja, na aliyenakili akaunti huanza kwa kuwaomba urafiki marafiki wa yule aliyemnakili. Nikampigia binamu kwa namba yake ile ile ya siku zote.

"We, akaunti yako ya Facebook imeharibika?"

"Imeharibika na nani? Ndiyo hii natumia sasa hivi."

Nikaripoti, na kwenye kuripoti nikachagua kwamba anajifanya mtu ninayemjua, nikaonyesha akaunti ya binamu. Yeye naye akaripoti kutoka kwake, kisha akawatangazia wateja wake kwenye hadhi ya WhatsApp. Baadhi yao walikuwa wameshaombwa pesa.

Watu huniuliza kwa nini nisiongeze maneno kwenye "Hidden Words" za Instagram ili kichujio kinifanyie kazi. Nimeongeza machache: ya sarafu za mtandaoni, ya wafuasi, ya mikopo. Lakini neno "wakala" au "kadi" siwezi kuliweka, maana wageni wetu wa kweli wanayatumia, na ningekuwa ninawahamishia kwenye kile chumba cha ndani ambacho mjomba hakifungui kabisa.

Na yapo maombi ambayo vipimo vyangu havifiki. Hivi sasa kuna moja la mistari miwili: bei ya chumba cha wawili, mwezi wa nane? Akaunti ni mpya, haina picha, haijataja pahala. Halina dalili ya tapeli, halina dalili ya mgeni. Mjomba anasema nilifute. Nimelikubali, nikamwandikia bei ya chumba kimoja, na kumwambia kwamba mwezi wa nane nyumba hujaa mapema. Linki ya malipo sikumpa. Akiuliza habari ya bahari, nitampa.